Sentensi ya mwisho ya kila fremu: kwa wadogo zangu mnaoanza kutafsiri vipeperushi

Wiki hii nimewakuta vijana wetu wawili wa mafunzo, hapa ofisini kwetu Mbeya, wakifanya kitu kilekile nilichokifanya mimi nilipoanza. Mteja kaleta kipeperushi cha PDF cha Kiingereza, anataka cha Kiswahili chenye sura ileile. Wao wakafungua PDF, wakachora boksi jeupe juu ya Kiingereza, wakaandika Kiswahili juu yake. Mstari ulipozidi wakapunguza herufi za mstari ule mmoja tu. Ukizidi tena, wakazibana kwa upana mpaka zikasimama wima kama mabua. Nimewaachisha, nimewaketisha, na niliyowaambia nayaandika hapa, maana najua mwezi ujao watakuja wengine.

1. Msiandike ndani ya PDF. Muulizeni mteja kwanza faili la asili, hata kama anasema halipo. Nusu ya siku mtakayookoa iko kwenye simu hiyo moja. Kama kweli halipo, kijengeni upya kipeperushi, maana PDF haijui aya. Kila mstari umewekwa mahali pake peke yake kama tofali, kwa hiyo ukirefusha mstari wa pili, wa tatu hausogei kuupisha. Halafu kuna fonti. Faili nyingi hubeba zile herufi tu zilizotumika. Cha juzi kichwa cha habari kilikuwa na B, E, T, R, S na D. Kijana anaandika MBEGU BORA, programu inazipata B, E na R, zilizobaki inazichukua kwenye fonti nyingine. Neno likawa na sura mbili, na yeye akadhani ni printa.

Kabla ya kugusa chochote, amri tatu hizi:

```
pdffonts kipeperushi.pdf
pdfimages -all kipeperushi.pdf picha
pdftotext -layout kipeperushi.pdf asili.txt
```

Ya kwanza inataja fonti zilizotumika. Jina likianza na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha, au safu ya `sub` ikisema `yes`, fonti hiyo ni pungufu. Tafuteni iliyo kamili au inayofanana nayo. Ya pili inatoa picha. Ya tatu inatoa maandishi. Kisha mnaweka PDF ya asili chini kabisa kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, mnaifunga isisogee, na mnachora fremu zenu, yaani maboksi ya maandishi, juu yake kwa vipimo vyake. Mkimaliza mnaiondoa ile ya chini.

Na lile boksi jeupe, liacheni kabisa. Kiingereza kiko palepale chini yake. Mtu akinakili maandishi anakipata, bei ya zamani na namba ya simu ya zamani vyote vikiwemo.

2. Maneno yasiyoenea kwenye fremu hayapigi kelele. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili lilinitoa machozi.

Ulikuwa msimu wa mvua. Mradi mmoja wa pembejeo ulituletea kipeperushi cha wakulima wa viazi, namna ya kunyunyizia dawa ya ukungu. Nakala 3,000, za kugawiwa Umalila na Isyonje. Nilitafsiri usiku, nikaona Kiswahili changu kimetulia. Kwenye fremu ya tahadhari niliandika hivi:

"Nyunyizia dawa mapema asubuhi au wakati wa jioni jua linapokuwa limepungua makali. Usinyunyizie dawa wakati mvua inaponyesha au upepo unapovuma kwa nguvu. Hakikisha unavaa glavu na barakoa wakati wote unapofanya kazi ya kunyunyizia dawa. Usivune viazi kabla ya siku 14 kupita tangu uliponyunyizia dawa kwa mara ya mwisho."

Fremu ilikuwa na upana wa milimita 62, herufi za pointi 10, na nafasi ya mistari saba. Kiingereza kilikuwa kimechukua mitano. Changu kilihitaji kumi. Mistari saba ilijaa, mitatu ikabaki nje, na iliyobaki nje ndiyo ile sentensi ya mwisho. Kilichoniangamiza ni kwamba mstari wa saba uliishia kwenye nukta. "…kazi ya kunyunyizia dawa." Kifungu kikaonekana kimekamilika kabisa. Laiti ungekatika katikati ya neno, mtoto wa darasa la tatu angeona.

Scribus huweka alama ndogo ya kisanduku chenye mkato kwenye kona ya chini kulia ya fremu iliyofurika. Mimi nilikuwa nimewasha hali ya kutazama kurasa bila mistari ya fremu, nifurahie sura yake, kwa hiyo alama sikuiona. Nilipotengeneza PDF, dirisha la `Preflight Verifier` likafunguka na orodha ndefu. Karibu zote zilikuwa za picha zenye ubora mdogo, nilizozizoea. Katikati ya orodha ile palikuwa na mstari mmoja wa `Text overflow`. Sikusoma. Nilibonyeza `Ignore Errors` kama nilivyobonyeza jana yake na juzi yake. Kikachapwa, kikakatwa, kikafungwa, kikaondoka.

Siku ya nne akaja mzee mmoja ofisini, koti limelowa, ameshuka kutoka Isyonje. Nikamwamkia, akaitikia, akatandaza karatasi yetu juu ya meza.

"Mwanangu," akasema, "ninyi ndio mmeandika hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Bwana shamba alisema karatasi itatuambia siku za kusubiri ndipo tuchimbe. Nimesoma mbele na nyuma. Jirani yangu ameshanyunyizia Jumatatu, na gari la viazi linakuja Jumamosi. Anasubiri au hasubiri?"

Nilishika karatasi ile nikasoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono ukafika chini ya fremu ukagonga picha ya kiazi. Nilielewa palepale. Kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi ni siku 5, zilitakiwa 14. Nilimwambia asubiri, nikamwandikia siku hizo kwa kalamu kwenye karatasi yake, kisha nikampigia simu mwenye mradi nikamweleza bila kuficha. Nakala zaidi ya 400 zilikuwa zimeshagawiwa. Zilizobaki tulizibandikia kibandiko kimojakimoja, mimi na wenzangu, mpaka saa nane za usiku. Kesho yake nilipanda gari na bwana shamba tukapita kwenye mnada na nyumba kwa nyumba. Jirani wa yule mzee tulimkuta hajachimba. Wote hatukuwapata.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja, na hauchukui dakika kumi. Nikishatengeneza PDF ya Kiswahili, naitoa maandishi kwa `pdftotext`, maana maneno yaliyobaki nje ya fremu hayaingii kwenye PDF. Naiweka kando ya faili la tafsiri. Kwa kila fremu nasoma kwa sauti sentensi ya mwisho tu, kwenye faili zote mbili. Sentensi ya mwisho ikiwepo, zilizo juu yake zipo. Isipokuwepo, narudi kwenye fremu. Na orodha ya makosa naisoma mstari kwa mstari, hata ikiwa na picha arobaini. Afadhali zaidi, narekebisha picha kwanza ili orodha ibaki fupi.

3. Kabla ya kupunguza herufi, punguzeni maneno. Watu husema Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza. Kwenye fremu ile haikuwa kweli. Mrefu nilikuwa mimi. Tazameni nilivyoiandika upya:

"Nyunyizia asubuhi mapema au jioni. Usinyunyizie kukiwa na mvua au upepo. Vaa glavu na barakoa. Usivune kabla ya siku 14 tangu kunyunyizia mara ya mwisho."

Mistari mitano. Sawasawa na Kiingereza, na hakuna agizo lililopotea. Vilivyotoka ni "wakati wa", "hakikisha", "kazi ya", na neno dawa lililorudiwa mara nne kwenye kipeperushi cha dawa. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, kukanusha na wakati ndani ya neno moja, kwa hiyo "usivune" peke yake ni sentensi nzima. Tumieni nguvu hiyo.

Leo ningeiweka sentensi ya siku 14 juu kabisa ya fremu pia, lakini hilo ni la kumwomba mwenye kipeperushi, si la kujiamulia.

4. Kuna mahali Kiswahili ni kirefu kweli, hasa vichwa vya safu kwenye jedwali na vile viduara vya bei. Kwenye jedwali la upandaji, neno moja la Kiingereza lililomaanisha nafasi lilibidi liwe "Mstari hadi mstari" na "Shina hadi shina", sentimita 75 na 30. Herufi hazikuguswa. Safu za namba zilikuwa na uwazi mkubwa ambao hauna kazi, nikazipunguza, kichwa kikapata upana wake na kikakaa kwa mistari miwili. Kwenye kiduara, "Hakuna kiingilio" ni kizuri lakini "Bure" kinaenea.

Maneno yakishafupishwa na bado yanazidi, fuateni mpangilio huu: panueni fremu kuingia kwenye uwazi ulio karibu, kisha kateni ukingo wa picha milimita mbili tatu, kisha punguzeni nafasi kati ya mistari, tuseme kutoka pointi 12 hadi 11.5. Herufi ni za mwisho, na mkizipunguza punguzeni kwenye fremu zote za ngazi ile, kutoka 10 hadi 9.5. Mistari saba kwa 11.5 inaokoa pointi tatu na nusu tu, karibu milimita moja na robo, kwa hiyo msitegemee muujiza hapo. Kubana herufi kwa upana, hilo sitaki kuliona.

5. Neno refu kwenye safu nyembamba likateni kwa silabi, baada ya irabu: wataka-ohudhuria hapana, maana mstari unaofuata utaanza na irabu tupu, lakini wataka­o-hudhuria inasomeka. Na msitenganishe ng', ny, sh wala mb. Programu ikikata kwa kanuni za Kiingereza, zimeni ukataji wa maneno, kisha yakateni wenyewe.

Kipeperushi cha wiki hii kiko mezani sasa. Kijana mmoja ameshatoa maandishi ya PDF, mwenzake ameshika tafsiri, wanasoma sentensi za mwisho kwa zamu. Wamefika fremu ya sita kati ya tisa, na kwenye ya nne walikuwa wamepoteza namba ya simu ya bwana shamba.