GPA ya 5 kwenda gredi za Ujerumani: hesabu yenyewe na pale nilipokosea

Swali: "Wakuu naomba msaada. Nimemaliza digrii hapa Bongo GPA 3.6 kati ya 5, Apa Sekondi. Nimeona masters Ujerumani wanasema gredi isizidi 2.5. Sasa mimi 3.6 si imeshazidi? Au ndo sina sifa? Niko Moshi, hata wa kumuuliza sina."

Mdogo wangu tulia, sifa unazo ila kwa kubanana. Niko Arusha hapa na haya mambo nimeyapitia kwa machozi yangu mwenyewe so ngoja nikuandikie yote.

Kwanza kwa Wajerumani gredi iko kichwa chini miguu juu. 1.0 ndo bora kabisa, 4.0 ndo umepita kwa kukwaruza, ukivuka hapo umefeli. Kama zile pointi zetu za fomu siksi, mwenye pointi 3 anamcheka mwenye pointi 9 japo wote ni divisheni wani. Kwa hiyo "isizidi 2.5" maana yake wanataka 2.5 au namba ndogo zaidi.

Kuhamisha GPA yako kwenda huko wanatumia kitu kinaitwa fomula ya Bavaria iliyorekebishwa, iko hivi:

```
x = 1 + 3 * (Nmax - Nd) / (Nmax - Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa kwenye skeli yenu, yaani 5.0. Nd ni ya kwako, 3.6. Nmin sasa ndo inayoua watu, hiyo ni alama ya chini kabisa ya KUPITA, sio alama ya chini kabisa ya skeli. Rudia hapo mara mbili.

Mimi nilikuwa na 3.7. Nikakaa mwenyewe na kalkuleta nikasema skeli yetu inaanzia 0 mpaka 5, nikaweka Nmin 0, nikapata 1.78. Nikaona duh, mimi ni moto wa kuotea mbali! Nikachagua programu moja inayotaka 2.0 maana nina 1.78 bwana, nikalipa uni-assist, wale wanaokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani, zile yuro 75 za ombi la kwanza (ukiongeza vyuo vingine msimu huo huo kila kimoja ni yuro 30), nikasubiri. Karatasi ya tathmini wanayotoa inaitwa VPD, ilipokuja imeandikwa 2.3. Nikadhani wamekosea, nikataka kuandika imeli ya hasira kabisa, bahati nzuri nikafungua transkripti upande wa nyuma kwanza. Pale pana jedwali: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Lakini D na E zote zimeandikwa ni kufeli, na chini kabisa wamesema madaraja ya digrii yanaishia Pasi, ambayo ni kuanzia 2.0 mpaka 2.6. Yaani huwezi kupewa digrii ukiwa na GPA chini ya 2.0. Hiyo ndo Nmin. Weka 2 kwenye fomula inakuja 2.3 kama walivyosema wao. Chuo kikanitosa, na walikuwa sahihi, mimi ndo nilijidanganya.

Sasa kuna raha moja kwenye skeli yetu ambayo niliigundua baadaye sana. Ukiwa na 5 juu na 2 chini, tofauti ni 3, na ile 3 ya kwenye fomula inakatana nayo. Kinachobaki ni 6 toa GPA yako, basi. Huhitaji hata kalkuleta. Wewe 6 toa 3.6 ni 2.4, umeingia chini ya 2.5 kwa nukta moja. Mwenye 3.5 pale Apa Sekondi inapoanza anapata 2.5 kamili. Festi Klasi ya 4.4 ni 1.6. Loa Sekondi ya 2.7 ni 3.3, na huyo ndo namwambiaga atafute programu zisizo na kikomo cha gredi asipoteze hela. Ila angalizo, hii ni kwa vyuo vyenye skeli ya 5 na kupita 2.0, kama chako kina utaratibu mwingine tumia fomula nzima.

Na usidhani fomula ina haki. Binamu yangu kasoma ng'ambo ya Namanga, kule wenzetu transkripti ni asilimia, kupita ni 40 na Festi Klasi inaanza 70. Weka kwenye fomula 100 juu, 40 chini, yeye 70: inatoka 2.5. Festi Klasi yake ni sawa na Apa Sekondi ya mwisho ya kwetu! Kisa fomula inaamini kuna watu wanapata 100, na wote tunajua hakuna mhadhiri anayetoa 100. Yeye alichofanya ni kutafuta vyuo ambavyo vinaangalia pia masomo yenyewe na barua ya maombi, sio gredi peke yake.

Kingine cha muhimu ni huo upande wa nyuma wa transkripti. Rafiki yangu wa hapa Njiro aliskani mbele tu, kurasa zote mbele mbele, akatumiwa ujumbe kwamba skeli ya alama haionekani. Dedilaini ilikuwa imebaki siku chache. Mbaya zaidi transkripti yake ilikuwa haina jedwali kabisa nyuma, ikabidi apande basi mpaka chuoni kwake kuomba barua ya ofisi ya msajili inayosema wazi: alama ya juu 5.0, ya chini ya kupita 2.0. Pale wakamwambia rudi kesho, mara mwenye muhuri hayupo, siku ya tatu ndo akaipata. Barua yenyewe ni mistari minne. Vyeti vya fomu foo na siksi wakikuomba wape kama vilivyo, divisheni usizigeuze kuwa kitu chochote, kwa masters hesabu yao ni ya digrii.

Kuna jamaa atakuja hapa akuambie ukiomba Marekani zidisha GPA kwa 0.8 ili iwe kati ya 4. Usithubutu. Kwao A ni 4, B ni 3, C ni 2. Kwetu B ni 3 vilevile na C ni 2 vilevile, tofauti iko juu tu. Mtu mwenye B tupu ana 3.0 kwetu na kwao ni 3.0, ila ukizidisha 0.8 umemshusha mpaka 2.4 na umemtoa kwenye vyuo vinavyotaka 3.0. Kule vyuo vingi wanakuambia andika 3.6 kati ya 5 kama ilivyo kwenye transkripti, wakitaka kugeuza watageuza wao, somo kwa somo.

Kwa hiyo leo jioni geuza transkripti yako uangalie nyuma. Kama jedwali lipo na 2.0 inaonekana, skani pande zote mbili uombe hiyo ya 2.5. Kama halipo, anza safari ya chuoni wiki hii, na nenda Jumatatu asubuhi, Ijumaa mchana hukuti mtu.