Logo ya duka, maskoti na prompti za mokapu za tisheti na magi: ninavyofanya mimi

Wengi wakishapata logo ya mteja yenye maskoti, yaani yule mhusika wa kuchorwa anayeliwakilisha duka, wanaipandisha kwenye zana za AI kama Gemini au ChatGPT, wanaandika "weka hii logo kwenye tisheti nyeusi", basi. Na kweli inatoka mokapu kali, yaani picha ya bidhaa itakavyoonekana ikishachapwa, kitambaa kina mikunjo yake, mwanga umekaa vizuri, mteja akiiona anatuma advansi palepale. Tabu inakuja siku ya kuchukua mzigo, anaishika tisheti mkononi anauliza mbona maskoti huyu sio yule niliyeonyeshwa. Na ana haki kabisa, maana AI haikubandika logo yake, imemchora mwingine anayefanana naye. Hili ukilielewa mapema kazi inakuwa rahisi: hizi zana haziichukui picha yako kama stika, zinaitazama, zinaelewa kwamba hapa kuna, tuseme, mbuzi, aproni na upawa, halafu zinachora upya kila kitu. Kwa hiyo prompti yako, yale maelekezo unayoiandikia, kazi yake kubwa sio kuomba picha nzuri, picha nzuri utapata tu hata usipoomba, kazi yake ni kuizuia isibadilishe vile vitu ambavyo mwenye duka anamtambulia maskoti wake.

Nitumie mfano wa dada mmoja anayeuza supu ya mbuzi asubuhi hapa Dar, alitaka tisheti nyeusi za wafanyakazi na magi za kuwapa wateja wake wa kila siku. Maskoti wake ni mbuzi mweupe kasimama kwa miguu miwili, kavaa aproni nyekundu yenye mistari mitatu myeupe, kashika upawa, na pembe moja ni fupi kama imevunjika. Chini kuna maneno SUPU YA ASUBUHI. Sasa hiyo pembe ndo mtihani, kwa sababu AI inapenda kusawazisha vitu, ikiona pembe moja fupi inadhani mchoraji kakosea inakurekebishia, unapata mbuzi mwenye pembe mbili safi zinazolingana. Mwenyewe alishaniambia mapema, "Kaka, hiyo pembe ndo mbuzi mwenyewe, usije ukaipoteza."

Kabla ya kuandika prompti, angalia picha uliyopewa. Logo nyingi zinakuja kwa Wasap zimeshabanwa, au ni skrinshoti ya profaili iliyokatwa duara, kingo zina ukungu, na AI ikikuta ukungu inajaza kwa kubuni. Mwambie mteja akutumie kama dokumenti, sio kama picha, hapo ubora unabaki ule ule. Halafu kama maskoti ana rangi nyeupe nyingi kama huyu mbuzi, usimpandishe kwenye bakigraundi nyeupe wala PNG isiyo na bakigraundi, mlaze kwanza kwenye kijivu tupu, ili mwisho wa manyoya uonekane unaishia wapi. Mimi napandisha picha mbili, ya kwanza maskoti mzima, ya pili uso peke yake nilioukata kwa ukaribu, sababu uso ndo unaoharibika kwanza ukichorwa mdogo.

Kingine, yale maneno ya chini nayafuta kabisa kwenye picha ninayopandisha. Yanarudi mwishoni kwa mkono, ntakuja kulisema.

Halafu naandika alama za maskoti, chache tu, zile ambazo zikipotea mwenyewe atalalamika. Usiandike kila kitu, ukiandika sentensi ishirini kuhusu manyoya unapunguza uzito wa ile pembe. Kwa mbuzi wetu nilichukua nne: pembe, mistari ya aproni, mkono wenye upawa, na kwamba mchoro ni wa rangi bapa wenye mstari mweusi mnene pembeni. Na ukiandika kushoto au kulia sema ni ya nani, kwa sababu mkono wa kulia wa mbuzi ni kushoto kwako unayetazama, hapo AI inachanganya kila mara. Prompti ya tisheti ilikaa hivi:

```
Picha ya 1 ni maskoti, picha ya 2 ni uso wake kwa karibu.
Usimbuni upya. Pembe iliyo kushoto kwa mtazamaji ni fupi,
iache fupi. Aproni nyekundu, mistari 3 myeupe. Upawa uko
kulia kwa mtazamaji. Rangi bapa, mstari mweusi mnene.
Tisheti nyeusi ya pamba imening'inizwa ukutani, imepigwa picha
kwa mbele, mwanga mweupe wa kawaida.
Maskoti amechapwa bapa kifuani, anafuata mikunjo ya
kitambaa. Upana wake ni nusu ya upana wa kifua.
Kijivu cha nyuma sio sehemu ya mchoro. Hakuna maandishi.
```

Kiswahili zinakielewa, usihangaike. Ila tazama zile sentensi za chini, kila moja inaziba tundu lake. "Amechapwa bapa" usipoiweka, mara nyingi maskoti anatoka kwenye kitambaa anakuwa kama mdoli wa plastiki, au anasimama pembeni ya tisheti, au yeye mwenyewe ndo anaivaa. "Kijivu sio sehemu ya mchoro" usipoisema unapata mbuzi ndani ya kiboksi cha kijivu kama kibandiko cha bei. Na kuhusu saizi, usiandike sentimita kwenye prompti, AI haina rula, iambie kwa kulinganisha. Tisheti ya L ukiilaza ina upana wa kifua kama sm 54, na chapa ya kifuani ninayoipiga ni sm 28, kwa hiyo nikasema nusu. Ukiacha bila kusema itajaza kifua kizima mpaka karibu na mikono, mteja anazoea ukubwa ambao filamu yako ya kuchapia haiufikii.

Magi ni habari nyingine, hapa ndo watu wanadanganya wateja bila kujua. Magi ya kawaida ya aunsi 11 ina kimo cha sm 9.5 hivi na kipenyo kama sm 8.2, kwa hiyo ukiizungushia uzi unapata karibu sm 26. Upande unaoikabili kamera ni nusu ya hapo, sm 13, lakini sentimita za pembeni zinageuka zinakimbia, jicho linaona vizuri kama 7 au 8 za katikati. Sasa AI haijali duara, inaweza kukuonyesha mbuzi mpana ambaye anaonekana mzima kwa mbele, wakati kwenye magi halisi pembe ingekuwa huku na upawa umeshazunguka nyuma. Kwa hiyo maskoti nampa upana wa sm 7, kimo sm 7.5, juu na chini pabaki sentimita moja moja, na kwenye prompti naandika "maskoti yuko katikati, upana wake ni kama robo tatu ya upana wa magi unaoonekana, pembeni pabaki peupe". Hapo mokapu na magi vinalingana.

Na taja mshikio uko upande gani, sio urembo tu. Anayekunywa kwa mkono wa kulia anaona ule upande ambao mshikio uko kulia kwake, aliyekaa mbele yake anauona ukiwa kushoto. Dada wa supu alitaka mteja mwingine akikaa mezani amuone mbuzi, kwa hiyo mokapu ikawa na mshikio kushoto. Usiposema, AI inachagua yenyewe, na wewe unakuja kupiga upande mwingine.

Halafu rangi ya magi. Alipenda magi nyekundu nzima ifanane na aproni, na AI ingeichora vizuri sana, mbuzi mweupe anang'aa juu ya nyekundu. Haiwezekani kwa sablimesheni, ile chapa ya magi ambayo wino unahamia kwa joto, kwa sababu wino wake hauna nyeupe, ile nyeupe unayoiona ni magi yenyewe. Ukipiga mbuzi mweupe kwenye magi nyekundu unapata mbuzi mwekundu, na aproni yake haionekani. Tulimalizia na magi nyeupe kwa nje, ndani na mshikio nyekundu, zipo tayari madukani, na prompti nikaiandika hivyo hivyo. Kwenye tisheti nyeusi hamna shida kwa vile napiga DTF, ile ya kuchapa kwenye filamu kwanza halafu unahamishia kwenye kitambaa, yenyewe inaweka tabaka la nyeupe chini ya rangi. Kwa hiyo kabla hujaandika prompti jua mashine gani itapiga, mokapu isiahidi kitu ambacho hiti presi yako haikitoi.

Ikishatoka usitazame uzuri, hesabu. Mimi naweka logo halisi na mokapu pembeni kwa pembeni kwenye simu, nazumu, napitia zile alama nne moja moja. Pembe fupi iko upande ule ule au picha imegeuzwa kama kwenye kioo? Mistari mitatu au imekuwa minne? Rangi napima kwa kile kidude cha kuchovya rangi, nyekundu ya aproni inaweza kwenda kwenye chungwa hasa ukiwa umeomba mwanga wa jioni, ndo maana naomba mwanga mweupe. Kama kitu kimoja kimekosea, usiendelee kuomba marekebisho juu ya picha iliyotoka, maana kila ukirekebisha inachora upya kutoka kwenye kopi ya kopi, na uso unabadilika kidogo kidogo mpaka mbuzi anakuwa kondoo. Rudi kwenye logo halisi, badilisha sentensi moja ya prompti, anza tena.

Maneno sasa. SUPU YA ASUBUHI ikichorwa na AI inaweza kutoka sawa, inaweza kutoka ASUBUHHI, na hata ikitoka sawa fonti sio ya mteja. Nayaweka mwenyewe kwenye Photopea, ni bure na inafunguka kwenye brauza, naleta maneno kutoka faili la logo juu ya mokapu. Kwenye kitu cheupe kama magi leya naiweka `Multiply`, vivuli vinapita juu ya maneno yanaonekana yamechapwa. Kwenye tisheti nyeusi usitumie hiyo, maandishi meupe yatapotea yote, acha `Normal` halafu shusha `Opacity` kama 92 yasionekane yamebandikwa. Na kama mbuzi mwenyewe anagoma kabisa kutoka sawa, fanya hivyo hivyo, omba tisheti tupu bila chochote, umbandike yeye halisi juu yake.

Logo yenye katuni maarufu au nembo ya klabu ndani yake siipandishi, hata mteja aseme ni yake, namwomba atoe hiyo sehemu kwanza.

Kwa mteja natuma picha mbili pamoja. Moja ni mokapu, ya pili ni mchoro bapa wenyewe unaokwenda kuchapwa, pembeni nimeandika upana na kimo kwa sentimita na aina ya chapa. Namwambia, dada, hii ya kwanza ni ya kuona itakavyokaa, hii ya pili ndo itakayochapwa, ikague pembe, mistari na herufi halafu unijibu kwenye hiyo ya pili. Akishajibu sawa kwenye hiyo bapa ndo nawasha mashine.