Maswali na Majibu: Pengo Lililofichwa na Maneno

Msimamizi amerudisha tamko la tatizo la pendekezo langu la uzamivu, na pembeni ameandika: "Maneno mengi, pengo silioni." Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Tukuyu)

Aya uliyoniambatishia inasomeka hivi: "Lugha ni chombo muhimu sana katika maisha ya mwanadamu. Katika ulimwengu wa leo wa utandawazi, lugha mbalimbali zimekuwa zikiathiriana kwa namna moja au nyingine. Inaonekana kwamba Kinyakyusa nacho huenda kimeathiriwa kwa kiasi fulani na Kiswahili. Tafiti chache zimefanyika kuhusu suala hili, hivyo kuna haja ya kufanya utafiti zaidi ili kuziba pengo lililopo."

Chukua kila sentensi, ondoa Kinyakyusa, weka Kihehe au Kisafwa. Sentensi ikibaki kweli vilevile, hiyo haijagusa tatizo lako. Mbili za kwanza hazitaji hata lugha moja, kwa hiyo zifute bila huruma. Ya tatu ina tahadhari tatu zilizopandana, yaani "inaonekana", "huenda" na "kwa kiasi fulani", ilhali hakuna mtu Rungwe wala Kyela atakayebisha kwamba Kinyakyusa kimechukua maneno ya Kiswahili. Umesitasita pasipo na shaka, kisha ulipofika kwenye pengo, ambapo msomaji alihitaji ushahidi, ukatamka tu kwamba lipo.

Tatizo lenyewe nimelikuta ukurasa wa sita, katika mabano. Kinyakyusa kina irabu saba na Kiswahili kina tano. Kwa hiyo mzungumzaji anapotohoa neno la Kiswahili lenye irabu /i/, lugha yake inampa irabu mbili za kupokelea, /i/ na /ɪ/, na hali ni hiyo hiyo kwa /u/, ambayo inaweza kupokelewa kwa /u/ au /ʊ/. Lipandishe jambo hilo juu, na aya yako iwe hivi:

"Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Kila neno la Kiswahili lenye /i/ au /u/ linapoingia Kinyakyusa, moja kati ya irabu mbili hutumika kulipokea. Tafiti zilizopitiwa katika sura ya pili zinaainisha maneno ya mkopo kwa nyanja za maana, lakini hazielezi kinachoamua irabu ipi itumike. Kwa sababu hiyo haijulikani iwapo utohozi huo unafuata jinsi sauti inavyosikika au unafuata mfumo wa fonolojia wa lugha pokezi."

Sentensi ya tatu inasema wenzako walifika wapi na walikomea wapi, na ya nne inasema kukomea huko kunatuachia swali gani ambalo wananadharia wa utohozi wanalibishania. Sentensi ya tatu, hata hivyo, ni yako kuithibitisha. Ukikuta hata tasnifu moja iliyogusa uchaguzi wa irabu, itaje na useme ilikomea wapi, hata kama pengo litapungua.

Nikiondoa "huenda" na "inawezekana" zote, sitaonekana ninajidai mbele ya jopo? (Iringa)

Usiziondoe zote. Tenganisha mambo matatu: lililokwisha kuthibitishwa, ambalo huandikwa bila tahadhari na kuwekewa chanzo; lile unalodai kwamba halijafanywa; na lile unalotarajia kulipata. Hili la mwisho ndilo lenye haki ya kuwa na "huenda", na kwa kawaida mahali pake ni kwenye hipothesia.

Kwa dai la pengo, badala ya kulilegeza kwa "inaonekana hakuna utafiti", liwekee mpaka: "katika tafiti za utohozi wa Kinyakyusa zilizopitiwa hapa". Mpaka humpa mtahini kitu cha kukagua, ilhali "inaonekana" humfanya aulize ni nani aliyeona. Jopo ninalolifahamu mimi hukasirishwa zaidi na "hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika", kwa kuwa mjumbe mmoja akiutaja mmoja tu, tamko zima limeanguka.

Msimamizi anakataa "tafiti chache zimefanyika", na vitabu vingi vya watangulizi wetu vinayo. Kosa liko wapi? (Mbeya)

Uchache si tatizo. Mambo mengi hayajachunguzwa na hayahitaji kuchunguzwa; kinachotakiwa ni kile ambacho tafiti hizo, ziwe mbili au ishirini, zimeshindwa kukieleza na kile kinachokwama kwa sababu hiyo. Ukiweza kuikamilisha sentensi inayoanza na "Tafiti hizo hazielezi kwa nini…" kwa kutaja data mahususi, hutauhitaji uchache huo tena.

Tamko la tatizo liwe na urefu gani? (Njombe)

Fuata mwongozo wa chuo chako kwanza. Mwongozo ukinyamaza, ukurasa mmoja unatosha, na historia ya lugha pamoja na wazungumzaji wake ihamishie kwenye usuli.