Imeili ya kulalamikia makato ya benki: tulivyoiandika upya mpaka ikaeleweka

Nyie mlioanza kazi juzi kwenye uhasibu, siku moja mtaambiwa "hebu waandikie benki, wametukata mara mbili", na mtaandika kama nilivyokuwa naandika mimi zamani. Kabla ya kuja huku nilikaa dawati la malalamiko la benki moja miaka kadhaa, kazi yangu ilikuwa kusoma imeili za namna hiyo kuanzia asubuhi. Kwa hiyo dada mmoja mgeni hapa ofisini aliponionyesha ya kwake nikajua kabisa ingeishia wapi. Ilikuwa hivi:

"Habari, naandika kwa masikitiko makubwa, mmetukata hela mara mbili tarehe 17 na sisi tumenunua mara moja tu, hii si mara ya kwanza huduma zenu kuwa mbovu, afu mmetukata tena makato mengine tusiyoyaelewa. Naomba mlishughulikie haraka iwezekanavyo."

Hasira ni haki yake, mi sikatai. Ila jiweke kwenye kiti cha anayesoma. Ana foleni ya imeili, anafungua hii, hajui akaunti ipi, kadi ipi, kiasi gani, na "mlishughulikie" hajui afanye nini hasa, arudishe hela, aeleze makato au aombe radhi? Basi anajibu kwa lile jibu la kunakili, "tafadhali tupatie taarifa zaidi", na hapo siku mbili tatu zimeshapotea.

Kabla ya kugusa maneno nikamwambia lete stetimenti na lete risiti, tuziweke pembeni kwa pembeni. Hapo ndo tukaona la kwanza: risiti inasema 14/03/2025, stetimenti inasema 17/03/2025. Yeye aliandika 17 kwa sababu ndo aliyoiona kwenye stetimenti. Kumbe 14 ilikuwa Ijumaa jioni, na muamala wa kadi una tarehe mbili, siku uliyolipa na siku benki ilipouingiza rasmi kwenye akaunti, na wikiendi ikiingia katikati zinaachana kabisa. Ukitaja moja tu, mtu wa benki anaweza kutafuta kwa ile nyingine asipate kitu akakuambia muamala huo haupo. Andika zote mbili na useme ipi ni ipi.

La pili, je kweli wamekata mara mbili? Hili wengi wanaliruka. Ukilipa kwa kadi benki inashikilia kwanza kiasi hicho, inaonekana kwenye app kama muamala unaosubiri, afu baadaye ndo unaingia wenyewe. Kuna wakati vyote viwili vinaonekana kwa pamoja na mtu anapiga kelele, wakati ule ulioshikiliwa unakuja kuondoka wenyewe baada ya siku chache. Cha kuangalia ni kama mistari yote miwili imeshaingia rasmi na salio limepungua mara mbili. Ya kwetu ilikuwa imeingia yote, 18,400 na 18,400, kila mmoja na namba yake ya rejea.

Afu kuna namba ya idhini, ile ya tarakimu 6 kwenye risiti ya kadi. Kama miamala miwili ina namba mbili tofauti za idhini, maana yake kadi iliombwa na kukubaliwa mara mbili, labda muuzaji alidhani mashine imekataa akarudia. Kama namba ni ileile, idhini ilikuwa moja ila imeingizwa mara mbili huko kwenye uchakataji, na hiyo kwa mlalamikaji ni kesi nzuri sana. Stetimenti yetu haikuionyesha, tukapiga kastama kea wakatusomea: 083417 kwenye yote miwili. Mi nilifurahi kuliko mwenye hela.

La tatu ni yale "makato mengine tusiyoyaelewa". Tarehe 18 kulikuwa na malipo ya kujirudia yaliyopangwa kutoka akaunti hiyohiyo, yakagonga mwamba kwa salio kutotosha, benki ikakata 600. Ile 18,400 ya ziada isingetoka, salio lingetosha. Lazima useme hivyo waziwazi, kwa sababu anayeshughulika na kadi haangalii makato ya akaunti, na usipoyaunganisha wewe hakuna atakayeyaunganisha.

Imeili ikawa hivi:

"Yah: Pingamizi la muamala ulioingizwa mara 2, 18,400, tarehe 14/03/2025, kadi inayoishia 4471

Tarehe 14/03/2025 tulifanya malipo 1 ya 18,400 kwa kadi inayoishia 4471. Tarehe 17/03/2025 malipo hayo yameingizwa kwenye akaunti mara 2, yakiwa na rejea zinazoishia 2206 na 2219. Miamala yote miwili ina namba moja ya idhini, 083417, na risiti tuliyo nayo ni moja. Muuzaji tuliwasiliana naye tarehe 19/03/2025, akatujibu kwamba kwake kuna mauzo 1 tu.

Kutokana na kiasi hicho cha ziada, tarehe 18/03/2025 malipo yetu yaliyopangwa yalikataliwa na tukakatwa 600.

Tunaomba (1) kurejeshewa 18,400 ya muamala wenye rejea inayoishia 2219, (2) kurejeshewa makato ya 600, jumla 19,000, na (3) namba ya lalamiko hili na tarehe tunayoweza kutegemea jibu.

Tumeambatanisha risiti, ukurasa wa stetimenti wenye mistari hiyo 3, na jibu la muuzaji."

Jina la sarafu mimi hapa nimeacha, nyie muandike. Rejea nazo kwenye imeili halisi ziandikeni nzima, ila namba ya kadi hapana, tarakimu 4 za mwisho zinatosha, na namba ya siri au zile 3 za nyuma ya kadi usimtumie mtu yeyote hata akijiita meneja. Huduma mbovu, masikitiko makubwa, vyote tulifuta. Dada alilalamika kidogo kwamba imekuwa baridi mno, nikamwambia iache.

Na msikae nayo. Kwa madai mengi ya kadi za Visa na Mastercard benki yako ina siku 120 za kuyapeleka kwenye mtandao wa kadi, na benki yenyewe inaweza kukupa wewe muda mfupi zaidi, soma masharti ya akaunti.

Namba ya lalamiko ilikuja kesho yake. Baada ya wiki moja 18,400 ikarudi ila stetimenti iliandika ni rejesho la muda, maana yake uchunguzi bado unaendelea na wanaweza kuichukua tena, kwa hiyo tuliiacha palepale bila kuigusa. Ile 600 haikurudi. Tukajibu kwenye imeili ileile, sentensi moja tu, namba ya lalamiko na "ombi letu namba (2) bado halijajibiwa", na siku tatu baadaye ikaingia.