Hiyo °R kwenye karatasi za kompresa

*"Gereji yetu hapa Changamwe imeletewa kompresa ya Kimarekani. Kwenye karatasi zake hesabu ya hewa inataka joto kwa °R. Ni nini hii, na naipataje kutoka Farenhaiti au Kelvini?"*

Ndugu, hiyo ni Rankine, jina la mhandisi wa Glasgow aliyeipendekeza mwaka 1859. Hatua zake ni zilezile za Farenhaiti, ila sufuri yake iko pale joto lisipoweza kushuka tena. Kelvini nayo huanzia hapohapo, kwa hatua za Selsiasi. Kwa hivyo kwenda Farenhaiti unajumlisha au kutoa tu, na kwenda Kelvini unazidisha tu:

```
R = F + 459.67
F = R - 459.67
K = R × 5/9
R = K × 1.8
```

Utaikuta bado kwenye karatasi za Kimarekani za gesi, kompresa na tabo za gesi, kwa sababu huko hesabu huenda kwa futi, ratili na psi. Ukiona namba 10.73 kwenye fomula ya gesi, joto lake lazima liwe Rankine na shinikizo liwe psi kamili, si ile ya geji.

Tuichukue kompresa yako. Tuseme unahitaji SCFM 100, yaani futi za ujazo 100 za hewa kwa dakika zikipimwa kwa joto na shinikizo la kiwango, na karatasi inasema joto lao la kiwango ni 68 °F. Hewa inayoingia Changamwe mchana ina 32 °C, yaani 89.6 °F. Shinikizo la nje tulichukulie sawa na la kiwango.

```
89.6 + 459.67 = 549.27
68   + 459.67 = 527.67
100 × 549.27 / 527.67 = 104.1
```

Kompresa inatakiwa kuvuta futi za ujazo 104.1 kwa dakika. Hakiki kwa Kelvini: 305.15 gawanya kwa 293.15, uwiano ni uleule, 1.041. Wengi hugawanya Farenhaiti moja kwa moja, 89.6 kwa 68, wakapata 132 na kununua mashine kubwa bure. Ujazo wa gesi hufuata joto linalohesabiwa kutoka sufuri kamili. Sufuri ya Farenhaiti ilichaguliwa tu.

Angalia pia kiwango chenyewe. Karatasi nyingine hutumia 60 °F, yaani 519.67 °R, na jibu linakuwa 105.7. Ukiona wameandika 520 na 460, wamekadiria, na kwa kompresa haidhuru.

Tofauti ya joto usiijumlishie 459.67. Hewa ikipanda kutoka 90 °F hadi 300 °F, imepanda 210 °F, ambazo ni 210 °R vilevile, au Kelvini 116.7.

Hiyo 104.1 ni ya hewa kavu. Ya pwani hubeba mvuke: kwa 32 °C na unyevu wa asilimia 75, mvuke huchukua kama psi 0.52 kati ya 14.7. Gawanya 104.1 kwa 0.965, upate karibu 108. Hiyo ndiyo ya kumpelekea muuzaji.