Wiki mbili kabla ya mtihani wa miundo ya data, na kazini bado unaenda

Ratiba hii niliipanga na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayefanya kazi kwa wakala wa pesa za simu. Zamu yake inaanza saa nane mchana hadi saa tatu usiku, siku tano kwa wiki, na anapumzika Jumatano na Jumapili. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Jumatatu asubuhi. Kwa kuwa nasahihisha karatasi za majaribio za somo hili, kila muhula nakutana na wengine wenye hali kama yake, na nimeona niieleze yote mahali pamoja. Kama zamu zako ni tofauti, badilisha siku lakini usibadilishe mpangilio.

Anza kwa kuhesabu saa ulizonazo kweli. Siku ya kazi, huyu kijana alikuwa na saa mbili zinazofaa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu. Siku ya mapumziko alipata tano, baada ya kufua na shughuli za nyumbani. Kuanzia Jumapili ya kwanza hadi Jumamosi ya pili kuna siku kumi za kazi na nne za mapumziko, kwa hiyo jumla ni saa 40. Saa hizo hazitoshi kusoma upya slaidi zote za muhula mzima. Zinatosha kabisa kuchukua kila operesheni inayoulizwa na kuifanya kwa kalamu kwenye karatasi tupu, kisha kuirudia baada ya siku mbili tatu bila kuangalia popote. Mtihani wa miundo ya data hauulizi kama umewahi kuiona hipu. Unakupa namba sita na kukuambia uonyeshe hipu inavyojengwa.

Jumapili ya kwanza, fanya mtihani wa mwaka uliopita mzima kwa muda wake kamili, daftari likiwa limefungwa. Utaumia kidogo, lakini ndiyo njia pekee ya kujua saa 40 ziende wapi. Ukimaliza, weka alama kando ya kila swali: lile uliloliweza, lile ulilosita, na lile ambalo hukujua hata pa kuanzia. Yale uliyosita ndiyo yatakayokupa maksi nyingi kwa muda mfupi, kwa sababu wazo unalo na kilichobaki ni mkono kulizoea.

Jumatatu na Jumanne ni za orodha zilizounganishwa kwa pointa, steki na foleni. Sitakaa hapo sana. Hakikisha tu unaweza kuondoa nodi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kwamba unajua foleni ya mduara inatofautishaje hali ya kujaa na hali ya kuwa tupu. Jumatano, siku ya mapumziko, ipe miti: kupita mti kwa njia zote tatu, kufuta nodi yenye watoto wawili, na mizunguko minne ya mti wa AVL. Miti inahitaji saa nyingi mfululizo, ndiyo maana nimeiweka siku ambayo huna zamu.

Alhamisi ni ya hipu. Ijumaa na Jumamosi ni za jedwali la heshi, na hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo ninapoona watu wanaoelewa somo wakipoteza maksi.

Chukua jedwali lenye nafasi 7, kuanzia 0 hadi 6. Kanuni ya heshi ni baki la kugawanya kwa 7, na nafasi ikiwa imeshikwa unasogea moja mbele hadi upate iliyo wazi. Ingiza 15, 22, 30 na 10 kwa mfuatano huo. 15 inaacha baki 1, inakaa nafasi ya 1. 22 nayo inaacha baki 1, lakini pameshikwa, inakwenda 2. 30 inaacha baki 2, pameshikwa, inakwenda 3. 10 inaacha baki 3, pameshikwa, inakwenda 4. Hadi hapo karibu kila mtu yuko sawa.

Sasa swali linasema: futa 22, kisha tafuta 30. Wengi wanaifuta 22 na kuiacha nafasi ya 2 ikiwa tupu. Fuata utafutaji wa 30 kwa kidole. Baki lake ni 2, kwa hiyo unaanzia nafasi ya 2. Ni tupu. Utafutaji unasimama hapo hapo na kujibu kwamba 30 haimo, ilhali imekaa nafasi ya 3 mbele ya macho yako. Ndiyo sababu nafasi iliyofutwa haiachwi tupu, bali inawekewa alama ya kufutwa. Anayetafuta akiikuta alama hiyo anaendelea mbele, na anasimama tu akiipata namba yenyewe, akikuta nafasi ambayo haijawahi kutumika au akimaliza mzunguko mzima.

Kuna hatua moja zaidi ambayo watahini wanaipenda. Baada ya kufuta 22, unaambiwa uingize 30 tena kwenye jedwali lisiloruhusu namba kujirudia. Ukiiweka nafasi ya 2 mara tu uonapo alama ya kufutwa, utakuwa na 30 mbili, moja nafasi ya 2 na nyingine nafasi ya 3. Inabidi uikumbuke nafasi ya 2, uendelee kutafuta hadi uhakikishe 30 haimo, ndipo urudi kuitumia. Hapa utaikuta nafasi ya 3, kwa hiyo huingizi kitu. Ijumaa fanya mfano huu nilioutoa. Jumamosi tunga wa kwako kwa jedwali lenye nafasi 11, na uhakikishe namba zako zinagongana angalau mara tatu, maana jedwali lisilo na mgongano halikufundishi chochote.

Kuhusu hipu ya Alhamisi, jambo la kuangalia ni maneno ya swali. Kuingiza namba moja moja na kuijenga hipu kutoka kwenye safu nzima ni operesheni mbili, na zinaweza kutoa majibu mawili tofauti yote yakiwa sahihi. Chukua 2, 5, 7, 9, 12, 15 na utengeneze hipu yenye kubwa juu. Ukiingiza moja moja, kila namba ikipanda hadi mahali pake, unamaliza na 15, 9, 12, 2, 7, 5. Ukiziweka zote kwenye safu kwanza, kisha ukaanza na mzazi wa mwisho, ambaye hapa ni 7, ukimshusha kila mzazi hadi kufika kwenye mzizi, unapata 15, 12, 7, 9, 5, 2. Fanya zote mbili mwenyewe uone. Njia ya kwanza, kwa hali mbaya kabisa, inagharimu O(n log n) na ya pili O(n), na mara nyingi kipengele cha mwisho cha swali kinauliza hilo hilo.

Jumapili ya pili ni ya grafu: BFS, DFS na Dijkstra. Kwa Dijkstra chora jedwali la umbali lenye mstari mpya kwa kila nodi unayoifunga, na usikubali kufuta namba za zamani. Saa ya mwisho ya siku hiyo rudia miti ya Jumatano kwenye karatasi tupu. Ukikwama kwenye mzunguko mara mbili wa AVL, ujue ulikuwa unaukumbuka mchoro, hukuwa umeielewa sababu yake.

Jumatatu na Jumanne ni za kupanga data na kukokotoa gharama. Usikariri majedwali ya gharama. Hesabu kwa n ndogo. Tazama hiki kipande, ambacho wanafunzi wengi wanakijibu O(n log n) kwa sababu wanaona kitanzi kinachojizidisha mara mbili na kingine ndani yake:

```
for (int i = 1; i < n; i *= 2)
    for (int j = 0; j < i; j++)
        x++;
```

Weka n = 16. Thamani za i ni 1, 2, 4 na 8, na x inaongezwa mara 1 + 2 + 4 + 8, yaani 15. Weka n = 32, unapata 31. Ukizidisha n mara mbili, kazi nayo inaongezeka takriban mara mbili, kwa hiyo jibu ni O(n). Hesabu hiyo inachukua dakika mbili.

Jumatano ya pili, fanya mtihani mwingine wa nyuma kwa muda kamili na uusahihishe siku hiyo hiyo. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hazina mada mpya. Ni za makosa ya karatasi hiyo pamoja na yale maswali uliyosita Jumapili ya kwanza, na kila swali unalifanya upya tangu mwanzo, si kusoma jibu lake.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Ukirudi saa tatu usiku usifungue mada mpya. Chukua dakika ishirini, chora kwa kumbukumbu kile ulichofanya asubuhi, linganisha, zungushia kosa, lala. Kosa hilo ndilo unaloanza nalo kesho. Kazini, beba karatasi moja yenye swali moja tu mfukoni, na uiguse pale ambapo hakuna mteja. Kama unashika pesa za watu, simaanishi katikati ya muamala. Upungufu wa droo jioni utakula usingizi wako na asubuhi yako ya kusoma. Na zungumza na bosi mapema, wiki hizi mbili zinapoanza, ili asikuwekee zamu ya ziada Jumapili ya kuamkia mtihani. Yule kijana alimwambia hivi: "Bosi, tarehe hiyo nina mtihani asubuhi. Jumapili yake naomba nisiitwe, na wiki inayofuata nitashika zamu ya mwenzangu." Ombi lenye tarehe na fidia hukubaliwa kwa urahisi kuliko la kushtukiza.

Ndani ya chumba cha mtihani, chora jedwali au mti upya baada ya kila hatua, usisahihishe juu ya mchoro mmoja. Ukikosea kuhesabu baki la namba ya pili lakini hatua zilizofuata zikaonekana wazi kuwa za mantiki sahihi, msahihishaji anaweza kukupa maksi za hatua hizo. Ukimpa mchoro mmoja wa mwisho wenye kosa, hana pa kuziona.