Maji ya Arusha hayachemki kwenye 100, na nati zako zimelowa

Naandika haya kwa sababu nilidanganywa na jibu zuri nilipopima joto mahususi la chuma, yaani jouli zinazohitajika kupandisha gramu moja yake digrii moja. Ninafundisha tuisheni nyumbani hapa Arusha, na zana zangu ni za kuungaunga: vikombe viwili vya povu, vile vyeupe vya kahawa ya kubeba, kimoja ndani ya kingine, kipande cha boksi kama kifuniko, themomita na mizani ndogo ya dijitali. Kwa chuma nilienda dukani kwa fundi nikanunua nati 17 za spana namba 17. Nikiongeza na washa moja, jumla ni gramu 200.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unachemsha nati, unazitumbukiza kwenye maji ya baridi uliyoyapima, unakoroga, unasubiri joto la juu kabisa. Joto zililoliachia nati ndilo yalilolipata maji, na gramu moja ya maji hula jouli 4.2 kupanda digrii moja. Kutoka hapo unapata joto mahususi la chuma, ambalo ni karibu 0.45.

Siku ile nilizifunga nati kwa uzi, nikazichemsha kwenye sufuria, nikazitoa na kuzitia kwenye gramu 100 za maji yenye digrii 20. Yakapanda hadi 34. Kwenye daftari niliandika kwamba nati zilianza na 100, maana maji si yalikuwa yanachemka? Maji yalipata 100 × 4.2 × 14, yaani jouli 5880. Nati zilishuka digrii 66. Ukigawanya 5880 kwa 200 × 66 unapata 0.445. Nikafurahi kweli.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hachoki kuuliza, alikuwa ameshaiweka themomita kwenye sufuria. "Madam, mbona imegoma kwenye 95?" Nikadhani themomita mbovu. Siyo mbovu. Mji wetu uko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko pwani, basi maji yanachemka mapema. Moshi, iliyo chini kuliko sisi, ni kama 97. Ile 100 ya vitabuni ni ya watu wa Dar na Tanga.

Tukarudia hesabu kwa 95. Nati zilishuka digrii 61 tu, na jibu likawa 0.482. Yaani tumesahihisha kosa, na jibu limeharibika! Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kosa la pili, lililokuwa linalifunika la kwanza.

Tulilipata kwa mizani. Tulizichemsha nati tena, tukazitoa vilevile kwa uzi, ila safari hii tukaziweka mizanini badala ya kikombeni. Gramu 201.5. Gramu moja na nusu ya maji ya moto ilikuwa imejificha kwenye mikunjo ya ndani ya nati. Inaonekana ndogo, lakini maji hubeba joto mara tisa hivi kuliko chuma cha uzito uleule. Gramu 1.5 ikishuka kutoka 95 hadi 34 inaacha jouli 384 kikombeni, na sisi tulikuwa tunazihesabia chuma. Ziondoe kwenye 5880, zinabaki 5496. Gawanya kwa 200 × 61, unapata 0.45.

Kukung'uta hakutoshi, na ukichelewa unafuta, chuma kinapoa mkononi. Mimi sasa naweka nati kavu kwenye kopo kavu, nalisimamisha kopo ndani ya sufuria inayochemka, nafunika mdomo kwa boksi, naacha robo saa. Themomita naisukuma katikati ya nati zenyewe, na namba inayotulia hapo ndiyo naiandika. Mara ya mwisho ilikuwa 93, siyo hata 95. Naipoza themomita kabla ya kuihamishia kikombeni, nasoma maji ya baridi, kisha namimina nati kwa mara moja na kufunika. Maji yalitoka 20 hadi 32.8: jouli 5376 juu ya 200 × 60.2, ni 0.447.

Usiniandikie 0.447 kwenye ripoti, lakini. Themomita ya shule ukiisoma vizuri unakosea nusu digrii, na nusu digrii kwenye kupanda kwa 12.8 ni karibu asilimia nne. Andika 0.45 uishie hapo. Ukitaka kupanda kuwe kukubwa zaidi, punguza maji, ilimradi nati zote zizame. Na asubuhi za Julai, maji ya bomba yanapokuwa baridi kuliko chumba, usiyapashe kwanza: yakianza chini kidogo ya joto la chumba na kuishia juu yake, joto ambalo kikombe kinalipata mwanzoni kutoka chumbani kinalipoteza mwishoni.